Katuni ya dakika moja: kutoka "Bibi na redio" hadi hadithi yenye kiini, mgogoro na mwisho

Daftarini mwangu ulikaa mstari mmoja kwa muda mrefu: "Bibi na redio yake ya zamani." Niliupenda. Kila nikiusoma naiona sebule, nauona ule mkono uliokunjamana umeshika antena, nausikia mkwaruzo wa mawimbi. Lakini nikikaa kuchora, sikujua nianze na picha gani wala niishie wapi. Nilichonacho kilikuwa mahali na hisia. Hadithi haikuwemo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi mstari ule ulivyogeuka kuwa katuni inayoweza kuchorwa. Nitaufuata mfano huo mmoja tangu mwanzo, kwa sababu makosa niliyoyafanya humo ndiyo ninayoyaona kwa karibu kila mtu anayenionyesha wazo lake la katuni fupi.

Kwanza, hesabu nafasi uliyo nayo

Katuni ikienda kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 zinazofuatana kila sekunde, dakika moja ni fremu 1,440. Wachoraji wengi huacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo kwa mhusika mmoja anayesogea muda wote ni michoro 720. Toa sekunde nne za jina mwanzoni na sekunde tatu za majina ya waliotengeneza mwishoni. Hadithi yenyewe inabaki na sekunde 53.

Sekunde 53 zinabeba shoti kumi na mbili hivi, yaani vipande vya picha visivyokatwa katikati, kila kimoja cha sekunde nne au tano. Hapo hapana nafasi ya "paukwa, pakawa", wala ya kueleza kijana alizaliwa wapi na kwa nini anaishi na bibi yake. Panatosha mahali pamoja au pawili, wahusika wawili, na haja moja. Ukishaikubali hesabu hii kabla ya kuandika, nusu ya maamuzi yanajifanya yenyewe: shangazi niliyetaka aje kusalimia alitoka, na safari ya kwenda kununua betri ikatoka pia.

Tafuta haja inayoonekana kwa macho

Wazo likiwa bado na ukungu, huwa ni nomino tupu. Bibi. Redio. Mvua. Mtoto na bahari. Kazi ya kwanza ni kulitafutia kitenzi, na kitenzi hicho ni "anataka".

Chukua karatasi uandike sentensi kumi zinazoanza na jina la mhusika na neno "anataka". Usichague wakati unaandika. Zangu zilianza hivi: Bibi anataka kukumbuka ujana wake. Bibi anataka mjukuu amjali. Mjukuu anataka kumwelewa Bibi. Zote nilizifuta, na sababu ni moja: hazichoreki. Mtu anayetaka kukumbuka ujana, ukimchora, amekaa tu anatazama dirisha. Mtazamaji hawezi kujua kama amekaribia kukipata anachokitaka au amekosa.

Ya saba ilikuwa hii: "Mjukuu anataka kusikia penalti ya mwisho redioni." Hiyo inachoreka. Ina wakati wake, maana penalti hupigwa mara moja tu, sasa hivi. Ina kipimo chake, kwani sauti ikitoka amepata, ikikwaruza amekosa. Na mtoto yeyote anayetazama ataelewa bila kuambiwa neno.

Angalia kwamba haja imehama kutoka kwa Bibi kwenda kwa mjukuu. Mimi nilimpenda Bibi, na nilidhani lazima awe mhusika mkuu. Lakini mwenye haja kali ndiye anayeisukuma hadithi. Bibi amebaki kuwa moyo wa katuni akiwa upande wa pili, na kwa kweli anaonekana vizuri zaidi akitazamwa na mtu anayemhitaji.

Andika kiini kwa sentensi moja

Kiini ni sentensi inayosema nani anataka nini, kitu gani kinamzuia, na kwa nini hawezi kungoja. Cha kwangu kilifika hapa baada ya kuandikwa upya mara nyingi:

*Mjukuu anataka kusikia penalti ya mwisho, lakini redio inasema pale tu Bibi anapoishika antena, na wali wa Bibi umeanza kuungua uani.*

Kila kipande kina kazi. Ukikitoa "lakini redio inasema pale tu Bibi anapoishika antena", unabaki na mtoto anayesikiliza mpira kwa raha. Ukiutoa wali, Bibi atashika antena mpaka mechi iishe na sote tutakwenda kulala. Hivyo ndivyo ninavyokipima kiini: nafunika kipande kimoja kwa kidole na kusoma kilichobaki. Kama hadithi bado inasimama, kipande kile kilikuwa pambo.

Jambo la antena si la kubuni tupu. Mwili wa mtu, na hata kipande cha chuma, kikigusa antena ya kuvuta ya redio ya kawaida hubadilisha namna inavyopokea mawimbi, na aliyekulia na redio ya namna hiyo anajua kwamba kuna pembe ya nyumba na kuna mkono wa mtu fulani. Tafuta kitu cha kweli cha namna hii kwenye wazo lako. Mtazamaji akikiamini kizuizi, hutahitaji sekunde za kukieleza.

Jihadhari na -ka-

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapotutega, na nataka nikae kidogo.

Tuna kiambishi kizuri mno cha kusimulia. Mzee akiketi barazani anasema: akaenda, akamkuta, akamwambia, wakarudi. Sikio linafurahi na hadithi inaonekana kutembea. Lakini -ka- husema tu kwamba jambo hili limefuata lile, haisemi kwamba limesababishwa nalo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

*Mjukuu akawasha redio. Redio ikakwaruza. Bibi akashika antena. Sauti ikatoka. Bibi akaenda uani. Wali ukaungua. Mjukuu akasikitika.*

Inasomeka vizuri, na ndiyo hatari yenyewe. Ukiichora utapata picha saba zilizopangwa foleni. Unaweza kubadilisha nafasi ya picha mbili tatu na hakuna atakayegundua.

Dawa yake ni kuandika rasimu yote bila -ka- hata moja. Kati ya kila tukio na jingine weka "lakini" au "kwa hiyo". Ukishindwa kuweka mojawapo, matukio hayo mawili hayajafungwa pamoja. Yangu ilitoka hivi:

*Redio inakwaruza, lakini Bibi akipita na kugusa antena sauti inatoka. Kwa hiyo mjukuu hataki Bibi aondoke. Lakini moshi umeanza kuingia kutoka uani, kwa hiyo Bibi anataka kutoka. Kwa hiyo mjukuu anamshika kanga.*

Sasa kuna kamba. Mjukuu anaivuta upande mmoja na moshi unaivuta upande mwingine, na Bibi yuko katikati. Na picha ya kanga ikavutwa ilikuja yenyewe, sikuitafuta.

Mgogoro: funga milango yote ya kutorokea

Wengi wakisikia "mgogoro" wanaleta mtu mbaya. Kwa dakika moja mtu mbaya ni mzigo, maana itabidi umtambulishe na ueleze ubaya wake. Mgogoro unaofaa ni watu wawili wema wanaohitaji kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwangu kitu hicho ni mkono wa Bibi: redio inautaka, na chakula kinautaka.

Kisha fanya kazi isiyopendeza. Mtafute mtu mkaidi, msomee kiini chako, na umwombe atafute njia rahisi ya kumtoa mhusika kwenye shida. Mimi nilimsomea mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka kumi. Aliuliza maswali matatu mfululizo, na kila moja lilikuwa na haki.

Kwa nini mjukuu asiibebe redio mpaka uani? Jibu: aanze na hilo. Katika shoti ya kwanza tunamwona akizunguka na redio, dirishani, mlangoni, uani, na kote inakwaruza. Inatulia mezani tu, pale Bibi anapopita na kuigusa.

Kwa nini asiishike antena yeye mwenyewe? Jibu: anajaribu. Anaishika kwa mkono mmoja, kwa mikono miwili, anasimama juu ya kigoda. Mkwaruzo tu. Hili likawa jaribio la kwanza, na likanipa kicheko cha kwanza cha katuni.

Kwa nini asiende yeye kuutoa wali, Bibi akabaki na antena?

Swali la tatu lilinisimamisha. Nilitaka kulikwepa kwa kusema jiko ni la moto sana kwa mtoto. Halafu nikaona kwamba hapa ndipo hadithi ilipo. Anaweza kwenda! Jiko liko uani, sauti ya redio haifiki huko, na akienda atakuwa ameikosa penalti. Hataki. Kwa hiyo mlango huu hatuufungi. Tunauacha wazi tangu mwanzo, yeye mwenyewe anakataa kuupita, na mwisho wa hadithi utakuwa siku anapoupita.

Kati ya haja na mwisho weka majaribio mawili tu. Moja halitoshi kuonyesha bidii, na la tatu halina muda. La pili liwe karibu zaidi na kufaulu kuliko la kwanza. Kwangu jaribio la pili ni kijiko: mjukuu anakiegemeza kijiko cha chuma kwenye antena, na sauti inatoka nusu nusu, neno moja linasikika, mawili yanapotea. Kijiko ni chepesi, kinateleza, kinaanguka. Inakaribia kuwezekana, halafu inashindikana. Na bila mtazamaji kujua, amekwisha kufundishwa kwamba chuma kinasaidia.

Mwisho uandikwe kabla ya katikati

Niliandika miisho minne kabla ya kupata uliokaa. Nitaisema mitatu iliyokufa kwa sababu kila mmoja ni wa aina unayoweza kukutana nayo.

Katika wa kwanza, mawimbi yanarudi yenyewe ghafla na wote wanafurahi. Mjukuu hakufanya lolote, bahati imemfanyia. Mtazamaji anahisi ametapeliwa hata kama hawezi kusema kwa nini.

Katika wa pili, wali unaungua, Bibi anaketi na kumweleza mjukuu kwamba familia ni bora kuliko mpira. Simulizi zetu nyingi zina funzo mwishoni, na msikilizaji wa barazani analisubiri. Lakini katuni ya dakika moja ikimaliza kwa hotuba, hotuba hiyo inakula sekunde kumi na inasema kile ambacho picha ilipaswa kukionyesha. Ukiona unaandika maneno ya hekima kwenye kinywa cha mzee, jua kwamba bado hujampatia mhusika wako tendo la kufanya.

Katika wa tatu, mjukuu anaamka, kumbe alikuwa anaota. Huo usiuandike kabisa.

Wa nne niliupata kwa kuuliza maswali mawili. La kwanza: mhusika atalazimika kuchagua nini? Kati ya penalti na Bibi. La pili: kitu gani tumekwisha kukiona kinachoweza kurudi? Nikavihesabu vilivyokuwa kwenye meza yangu ya hadithi: antena, kanga, moshi, kijiko, sufuria.

Mwisho wenyewe ni huu. Mtangazaji anasema mpigaji ameweka mpira, anarudi nyuma. Kamera inashuka kutoka uso wa mjukuu hadi mkono wa Bibi ulioko kwenye antena, na mkono unatetemeka kwa uchovu. Mjukuu anautazama. Anautazama moshi. Kanga ya Bibi bado iko mkononi mwake tangu alipoivuta. Anakimbia uani, sauti ya redio inafifia kabisa, anaishika sufuria kwa ile kanga na kuipua. Anarudi polepole, kichwa chini, anaitua mezani. Bibi anaiachia antena, mkono umechoka. Antena inalala kwenye ukingo wa sufuria, na redio inalipuka kwa sauti safi kuliko zote: kelele za uwanja mzima. Mjukuu anaachama mdomo, na Bibi anautia kipande cha ukoko.

Kijiko kilikuwa chuma chepesi, sufuria ni chuma kizito. Kwa hiyo mwisho haukuanguka kutoka juu, ulikuwa umepandwa sekunde ishirini kabla. Na mjukuu anaipata sauti kwa sababu aliiacha. Kama angeendelea kumshikilia Bibi, sufuria isingefika mezani. Wali umeungua chini kweli, ndiyo maana kuna ukoko, na kila mtu aliyekula ukoko anajua kwamba hiyo si hasara.

Kuna kipimo kimoja cha mwisho ninachokiamini. Msimulie mtu hadithi yako na unyamaze kwenye picha ya mwisho. Akiuliza "halafu?", mwisho haujafika, hata kama wewe umechoka kuandika. Akikaa kimya kidogo au akicheka, umefika.

Gawa sekunde

Andika wima kwenye karatasi namba kutoka 0 hadi 60, na uweke matukio pembeni. Wangu mgawanyo ulikuwa hivi: jina mpaka sekunde ya 4, juu ya mkwaruzo wa redio. Kuzunguka na redio na Bibi kugusa antena, mpaka ya 14. Moshi na kuvutana kanga, mpaka ya 21. Majaribio mawili na Bibi kurudishwa kwenye antena, mpaka ya 36. Mkono unaotetemeka na uamuzi, mpaka ya 43. Uani na kurudi, mpaka ya 52. Antena, kelele, ukoko, mpaka ya 57. Majina.

Utaona kwamba uamuzi umepewa sekunde saba, karibu sawa na kuvutana kote kwa kanga. Hapo usibane. Uso unaobadilika mawazo unahitaji sekunde mbili za kutulia bila kitu kingine kusogea, na mtu anayeharakisha kwenye nafasi hiyo anapoteza hadithi yote ili aokoe fremu 48. Kwa bahati nzuri ndiyo fremu rahisi kuliko zote kuchora, maana mchoro mmoja unakaa.

Maneno yawe machache. Katika katuni yangu anayesema ni mtangazaji peke yake, na sauti yake niliiandika na kuirekodi upya, kwa sababu sauti ya matangazo halisi ina wenyewe. Mjukuu na Bibi hawasemi kitu. Kama hadithi yako inahitaji mazungumzo, yasome kwa sauti huku saa ya simu inahesabu, kwa mwendo wa mtu anayesema kweli. Maneno yanayoonekana machache kwenye karatasi huchukua muda mrefu ajabu.

Harufu nayo haichoreki. Rasimu moja ya mapema ilisema Bibi "ananusa wali unaungua", na ilibidi nibadilishe kuwa moshi mwembamba unaoingia chini ya mlango, ambao kila shoti unaongezeka. Moshi huo ukawa saa ya hadithi bila mtu kutaja muda.

Ijaribu kabla ya kuchora kwa dhati

Chora shoti kumi na mbili kwa penseli, kila moja kwenye nusu karatasi ya daftari, watu wa vijiti wanatosha. Zipige picha kwa simu, ziunganishe kwenye programu yoyote ya kuhariri video, kila picha ipewe muda wake, na urekodi sauti kwa mdomo wako mwenyewe: mkwaruzo, mtangazaji, uwanja. Hiyo ndiyo animatiki, na ni kazi ya jioni moja. Mwonyeshe mtu asiyejua lolote kuhusu hadithi, usimweleze kitu, na mtazame yeye badala ya skrini. Pale anapotazama pembeni, pana shoti ya kukata. Pale anapokunja uso, pana kitu hakijaonyeshwa.

Yangu ilitoka sekunde 66. Nilijua kilichozidi, na sikutaka kukigusa. Bibi yangu wa kweli alikuwa akipalia wali makaa juu ya kifuniko, na nilikuwa nimemchora mjukuu akiyaondoa makaa yale moja moja kwa koleo kabla ya kuipua sufuria. Ilikuwa picha niliyoipenda kuliko zote. Lakini ilikula sekunde nane, ilikuja wakati mtazamaji amekwisha kuuelewa uamuzi, na haikubadilisha lolote lililofuata. Niliyaondoa makaa. Katika shoti ya moshi ya mapema nikaacha kifuniko kimoja chenye makaa, kwa mbali, kikionekana kwa sekunde moja kupitia mlango uliofunguka, na katuni ikaisha kwenye sekunde ya 59.